MADA: MPANGILIO WA BAITI NDANI YA KOMPYUTA NA KATIKA MAWASILIANO

Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kueleza tofauti ya mpangilio wa baiti kubwa kwanza na ule wa baiti ndogo kwanza;
(b) kuandika programu fupi ya kutambua mpangilio wa kompyuta unayotumia;
(c) kubadili thamani kabla ya kuituma kwenye mashine nyingine, na kuisoma sawasawa inapopokelewa;
(d) kutambua kosa la mpangilio kwa kutazama namba zilizotokea.

Mfano tutakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni mmoja: urefu wa ardhi ya Sengerema na wa uso wa Ziwa Viktoria kutoka usawa wa bahari. Ziwa, kama ulivyosoma kwenye Jiografia, liko mita 1134 hivi juu ya usawa wa bahari. Ishike namba hiyo.

1. Tatizo lenyewe

Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo inabeba namba kuanzia 0 hadi 255 tu. Namba 1134 haitoshi humo. Kompyuta huigawa katika baiti mbili. Tufanye hesabu:

1134 ÷ 256 = 4, baki 110.

Kwa hiyo baiti ya kwanza ina 4 na ya pili ina 110. Kwa heksadesimali, 4 huandikwa 04 na 110 huandikwa 6E, na namba nzima ni 0x046E. Baiti yenye 04 tunaiita baiti kubwa kwa sababu kila moja iliyomo ina thamani ya 256. Baiti yenye 6E ni baiti ndogo kwa sababu kila moja iliyomo ina thamani ya 1. Angalia vizuri: ukubwa hapa ni wa nafasi, si wa tarakimu. Ndiyo maana 04 ni baiti kubwa ingawa 6E ni namba kubwa kuliko 04.

Kumbukumbu ya kompyuta ni kama safu ya vyumba vyenye anwani, na kila chumba kinachukua baiti moja. Baiti zetu mbili zitachukua vyumba viwili vinavyofuatana. Swali ni moja tu: ipi itangulie?

Mpangilio wa baiti kubwa kwanza:   04 6E
Mpangilio wa baiti ndogo kwanza:   6E 04

Kompyuta zenye prosesa za Intel na AMD hutumia baiti ndogo kwanza. Simu za mkononi zenye prosesa za ARM, kwa kawaida, nazo hufanya hivyo. Prosesa za Motorola 68000, zile za SPARC, na kompyuta kubwa za IBM za aina ya zinazotumiwa na mabenki hutumia baiti kubwa kwanza. Hakuna upande ulio sahihi kuliko mwingine. Mwaka 1980 mtaalamu Danny Cohen aliandika waraka juu ya ugomvi huu, akaupa jina kutoka katika hadithi ya Jonathan Swift ya mwaka 1726, ambamo watu wanapigana vita kwa sababu ya upande wa kuvunjia yai: ule mnene au ule mwembamba. Majina ya mipangilio hii kwa Kiingereza yametoka hapo, na kwenye skrini utayaona kama `big` na `little`.

Mfano wa tarehe utakusaidia kukumbuka. Siku ya uhuru wa Tanganyika tunaiandika 09/12/1961, yaani siku kwanza. Mwingine huiandika 1961/12/09, yaani mwaka kwanza. Tarehe ni ile ile, vipande ni vile vile, ila mfuatano umegeuzwa. Tena zingatia kwamba 09 haikugeuka ikawa 90. Ndivyo ilivyo kwa baiti: zinazogeuzwa ni nafasi za baiti, wala si biti zilizo ndani ya baiti. Watahiniwa wengi hukosa alama hapa kwa kuandika kinyume cha 046E kuwa E640. Kinyume chake ni 6E04.

2. Nini hutokea mpangilio ukikosewa

Tuseme mashine moja imetuma 04 6E ikikusudia 1134. Mashine ya pili inazichukua baiti hizo mbili na kuziweka kumbukumbuni kama zilivyokuja, kisha inazisoma kwa desturi yake ya baiti ndogo kwanza. Kwake yeye, 04 ndiyo baiti ndogo na 6E ndiyo baiti kubwa:

6E ni 110, kwa hiyo 110 × 256 + 4 = 28164.

Ziwa Viktoria sasa liko mita 28164 juu ya bahari, karibu mara tano ya Kilimanjaro yenye mita 5895. Hakuna baiti iliyopotea wala kuharibika njiani. Ndiyo maana kompyuta haitatoa ujumbe wowote wa kosa. Kwake namba 28164 ni halali kabisa. Mwenye kujua kwamba si sahihi ni wewe unayelijua ziwa.

Kosa hilo ni rahisi kulikamata kwa sababu ni kubwa mno. Lakini chukua Kilimanjaro yenyewe. 5895 ÷ 256 = 23, baki 7. Kwa heksadesimali ni 0x1707. Ukigeuza unapata 0x0717, yaani 7 × 256 + 23 = 1815. Mlima wenye mita 1815 upo mahali pengi, na msomaji asiyeujua Kilimanjaro ataipokea namba hiyo bila wasiwasi. Kosa la namna hii ni hatari zaidi kuliko lile la kwanza.

Kuna namba nyingine ambazo hazibadiliki kabisa. Kilima chenye mita 1285 ni 0x0505, kwa kuwa 5 × 256 + 5 = 1285. Ukigeuza 05 05 unapata 05 05. Basi ukiijaribu programu yako kwa kilima hicho peke yake, utaona jibu sahihi na kuamini kazi imekwisha, kumbe programu ni mbovu. Kanuni ya kushika: chagua namba ya majaribio ambayo baiti zake hazifanani.

3. Kutambua mpangilio wa kompyuta yako

Ili kujua kompyuta yako inapanga namna gani, weka namba unayoijua kumbukumbuni, kisha ichungulie baiti ya anwani ya kwanza. Katika lugha ya C tunafanya hivyo kwa kielekezi cha aina ya `unsigned char`, kwa kuwa aina hiyo husoma baiti moja moja.

```c
#include <stdio.h>
#include <stdint.h>

int main(void) {
    uint16_t urefu = 1134;      /* 0x046E */
    unsigned char *b = (unsigned char *)&urefu;

    printf("%02X %02X\n", b[0], b[1]);
    if (b[0] == 0x6E)
        printf("baiti ndogo kwanza\n");
    else
        printf("baiti kubwa kwanza\n");
    return 0;
}
```

Kwenye kompyuta ya kawaida ya maabara ya shule, mstari wa kwanza utaonyesha `6E 04` na wa pili utasema baiti ndogo kwanza. Ukitumia Python, amri `import sys` ikifuatwa na `print(sys.byteorder)` itakupa neno `little` au `big`.

Sasa soma kwa makini mtego ufuatao, maana hupenda kutokea kwenye mitihani. Mwanafunzi anaandika hivi ili kutambua mpangilio:

```c
if ((urefu & 0xFF) == 0x6E)
    printf("baiti ndogo kwanza\n");
```

Programu hii itasema baiti ndogo kwanza kwenye kila mashine duniani, hata ile ya baiti kubwa kwanza. Sababu ni kwamba alama `&` pamoja na zile za kusogeza biti, `>>` na `<<`, hufanya kazi juu ya thamani ya namba, si juu ya vyumba vya kumbukumbu. Baki ya 1134 kwa 256 ni 110 popote uendapo, kama vile siku ya tarehe 9 Desemba ni 9 iwe imeandikwa mwanzo au mwisho. Mpangilio huonekana pale tu unapoigawa namba kwa anwani: kwa kielekezi, kwa faili, au kwa waya.

Usidharau kasoro hiyo ya mtego. Katika sehemu ya 5 tutaigeuza iwe msaada wetu.

4. Kubadili kabla ya kutuma

Ikiwa kila mashine itatuma kwa desturi yake, mpokeaji hatajua asome namna gani. Wabunifu wa intaneti walilimaliza jambo hili kwa makubaliano: namba zilizomo katika vichwa vya itifaki za mtandao husafiri zikiwa na baiti kubwa kwanza. Mpangilio huo unaitwa mpangilio wa mtandao. Kila mashine inapotuma hubadili kutoka desturi yake kwenda mpangilio wa mtandao, na inapopokea hubadili kurudi. Haina haja ya kujua mwenzake ni wa aina gani.

Katika C, kwenye mifumo ya Linux na jamii yake, kazi hiyo hufanywa na funksheni nne zilizo kwenye `<arpa/inet.h>`:

`htons` – namba ya biti 16, kutoka mashine kwenda mtandao
`htonl` – namba ya biti 32, kutoka mashine kwenda mtandao
`ntohs` – namba ya biti 16, kutoka mtandao kwenda mashine
`ntohl` – namba ya biti 32, kutoka mtandao kwenda mashine

Herufi `h` ni mashine yako, `n` ni mtandao, na herufi ya mwisho ni ukubwa: `s` kwa biti 16 na `l` kwa biti 32.

```c
uint16_t urefu = 1134;
uint16_t tuma  = htons(urefu);
```

Kwenye mashine ya baiti ndogo kwanza, `urefu` ilikuwa `6E 04` kumbukumbuni, na `tuma` sasa ni `04 6E`. Ukichapisha `tuma` kwa `printf` utaona 28164. Usishtuke wala usiirekebishe. `tuma` si namba ya kukokotoa tena, ni mzigo uliofungwa tayari kwa safari. Usijumlishe nao, usiulinganishe na namba nyingine. Kwenye mashine ya baiti kubwa kwanza `htons` haibadili chochote, lakini bado unaiandika, ili programu moja ifanye kazi sawa pande zote.

Makosa matatu hutokea hapa mara kwa mara.

La kwanza ni kubadili mara mbili. Kwenye mashine ya baiti ndogo kwanza, `htons(htons(1134))` inarudisha 1134 ile ile ya mwanzo, na baiti zinatoka `6E 04`, yaani kama vile hukubadili kabisa. Hutokea pale funksheni moja inapobadili na ile inayoiita ikabadili pia. Dawa yake ni kubadili mahali pamoja tu: mstari wa mwisho kabla ya kutuma, na mstari wa kwanza baada ya kupokea.

La pili ni kukosea ukubwa. Tuseme unapima ziwa kwa milimita: 1134000, ambayo ni 0x00114DB0. Hii inahitaji baiti nne, kwa hiyo `htonl`. Mpangilio wa mtandao ni `00 11 4D B0` na wa baiti ndogo kwanza ni `B0 4D 11 00`. Ona kwamba baiti zote nne zimegeuzwa kwa pamoja, si mbili mbili. Ukitumia `htons` kimakosa, baiti mbili za juu zinakatwa kabla hata ya kugeuza. Kinachobaki ni 0x4DB0, yaani 19888, na hakuna mpokeaji atakayeweza kuirudisha 1134000.

La tatu ni kubadili kisichohitaji kubadilishwa. Maandishi ya kawaida, kama jina SENGEREMA, ni mfululizo wa herufi ambapo kila herufi ni baiti moja. Hayana baiti kubwa wala ndogo, na hutumwa yalivyo. Kadhalika ukituma namba kama maandishi, yaani herufi `1`, `1`, `3`, `4`, mpangilio hauhusiki.

Jambo moja la kuzingatia unapojaribu kazi yako: ukiwa na kompyuta mbili za maabara, zote za baiti ndogo kwanza, na ukasahau `htons` upande mmoja na `ntohs` upande wa pili, namba itafika salama. Makosa mawili yamefutana. Siku programu hiyo itakapozungumza na mashine ya aina nyingine, au na programu ya mtu aliyefuata makubaliano, ndipo itakapoharibika. Kwa hiyo kufika kwa jibu sahihi kati ya mashine mbili zinazofanana si ushahidi kwamba umebadili sawasawa. Ushahidi ni kuzitazama baiti zenyewe kabla hazijatumwa, na kuona `04 6E`.

5. Mfano kamili: faili la urefu wa ardhi ya Sengerema

Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima urefu wa ardhi kwa rada. Vipimo hivyo vimegawiwa kwa umma katika mafaili, kila faili likiwa na mraba wa digrii moja. Sengerema na jiji la Mwanza viko katika faili liitwalo `S03E032.hgt`. Jina linataja kona ya kusini-magharibi ya mraba: latitudo 3 Kusini, longitudo 32 Mashariki.

Faili hili halina kichwa wala maelezo. Ni namba tupu, kila moja ya biti 16 yenye ishara (yaani inaweza kuwa hasi), na zote zimeandikwa baiti kubwa kwanza. Toleo lenye nukta kila sekunde 3 za digrii, takribani mita 90, lina mistari 1201 na kila mstari una nukta 1201. Kwa hiyo ukubwa wa faili ni lazima uwe:

1201 × 1201 × 2 = baiti 2884802.

Mistari huanza kaskazini kwenda kusini, na nukta huanza magharibi kwenda mashariki. Tunataka nukta iliyo latitudo 2°39′ Kusini, longitudo 32°39′ Mashariki, katika wilaya ya Sengerema. Ukingo wa kaskazini wa mraba ni latitudo 2, kwa hiyo tumeshuka dakika 39. Kila dakika ina nukta 20, hivyo mstari ni 39 × 20 = 780. Ukingo wa magharibi ni longitudo 32, nako tumeingia dakika 39, hivyo safu ni 780 vilevile. Baiti ya kuanzia:

(780 × 1201 + 780) × 2 = 1875120.

Sasa tunasoma baiti mbili tu na kuziunganisha wenyewe:

```c
FILE *f = fopen("S03E032.hgt", "rb");
unsigned char b[2];
int urefu;

fseek(f, 1875120L, SEEK_SET);
fread(b, 1, 2, f);
urefu = (b[0] << 8) | b[1];
if (urefu >= 32768) urefu -= 65536;
printf("%d\n", urefu);
fclose(f);
```

Mstari wa kuangalia ni ule wenye `<< 8`. Kusogeza biti 8 ni sawa na kuzidisha kwa 256, kwa hiyo tunasema wazi: baiti iliyokuja kwanza ndiyo kubwa. Kwa kuwa kusogeza biti hufanya kazi juu ya thamani, kama tulivyoona kwenye mtego wa sehemu ya 3, mstari huu unatoa jibu lile lile kwenye mashine yoyote. Hatukuhitaji kutambua mpangilio wa kompyuta yetu. Tulihitaji kujua mpangilio wa faili tu. Mstari unaofuata unarudisha namba hasi: thamani kuanzia 32768 kwenda juu ni hasi, nasi tunaitoa 65536.

Njia hii inafaa kutuma pia, kwa kinyume chake:

```c
b[0] = (urefu >> 8) & 0xFF;
b[1] = urefu & 0xFF;
```

Je, utajuaje kwamba umesoma sawa? Jiulize ni jibu gani linawezekana. Maji ya Sengerema hutiririka kwenda ziwani, kwa hiyo hakuna ardhi ya wilaya iliyo chini ya uso wa ziwa, ukiacha kosa la upimaji la mita chache. Jibu lolote lililo chini sana ya 1134 halikubaliki, na lililo juu ya mita elfu kadhaa halikubaliki pia.

Tazama sasa nini kingetokea kama mtu angesoma faili hili moja kwa moja ndani ya `int16_t` kwenye kompyuta ya baiti ndogo kwanza. Ufukweni, 1134 ingekuwa 28164. Akipanda kutoka ziwani, kila mita moja ya kweli ingemwongezea 256, kwa sababu baiti ndogo imekaa mahali pa kubwa. Kwenye mita 1151, yaani 0x047F, angesoma 32516. Mita moja juu yake, 1152 au 0x0480, angesoma 0x8004, ambayo kwa namba zenye ishara ni −32764. Mteremko mpole wa ufukweni umekuwa ukuta, na baada yake shimo. Kwenye mita 1200, yaani 0x04B0, angesoma −20476. Ramani ya namna hiyo ina mistari na madoa ya ajabu penye ardhi tambarare. Ukiona hivyo, shuku mpangilio wa baiti kabla ya kushuku data.

Fikiria mtu anayetaka kupandisha maji kutoka ziwani hadi tangi lililo mita 1200. Pampu inahitaji kuinua maji mita 1200 − 1134 = 66. Kwa namba zilizogeuzwa, hesabu ni −20476 − 28164 = −48640, yaani maji yatashuka yenyewe kilomita 48. Hilo atalikataa yeyote. Lakini kuna kosa la kimya ndani ya faili hili. Mahali ambapo rada haikuona, matoleo ya mwanzo yaliandika −32768, yaani `80 00`, ili msomaji aruke nukta hiyo. Ukigeuza unapata `00 80`, ambayo ni 128. Programu inayotafuta −32768 haitaiona, na 128 itaingia kwenye wastani kama kipimo halali. Kwa hiyo badili mpangilio kwanza, ndipo utafute alama ya pengo. Ukitanguliza kutafuta, hutaipata.

Ukitaka kuzitazama baiti bila kuandika programu, kwenye Linux tumia:

```
od -A d -t x1 -j 1875120 -N 2 S03E032.hgt
```

Sehemu `-t x1` inaamuru ionyeshe baiti moja moja jinsi zilivyo kwenye faili. Ukiandika `od -x` badala yake, itaziunganisha mbili mbili kwa desturi ya kompyuta yako, na baiti `04 b0` zitaonekana kama `b004`. Wengi wamehangaika kutafuta kosa kwenye faili ambalo halikuwa na kosa, kumbe chombo cha kutazamia ndicho kilichogeuza.

ZOEZI

1. Andika namba 1500 katika baiti mbili kwa (a) baiti kubwa kwanza na (b) baiti ndogo kwanza.

2. Mwanafunzi anajaribu programu ya kutambua mpangilio kwa kutumia namba 257. Eleza kwa nini jaribio lake halifai.

3. Programu ya seva inatakiwa kusikiliza kwenye poti 8080, lakini mwandishi amesahau `htons`. Kompyuta ni ya baiti ndogo kwanza. Seva itasikiliza kwenye poti ipi?

4. Faili la `.hgt` unalolisoma lina ukubwa wa baiti 25934402. Lina mistari mingapi? Je, 1875120 bado ni mahali sahihi pa kuanzia kwa nukta yetu?

5. Kompyuta A na B, zote za baiti ndogo kwanza, zinabadilishana vipimo vizuri. Zilipounganishwa na C ya baiti kubwa kwanza, C ilipokea 28164 badala ya 1134. Taja kosa na mahali pa kulirekebisha.

MAJIBU

1. 1500 ÷ 256 = 5, baki 220. Namba ni 0x05DC. (a) `05 DC` (b) `DC 05`.

2. 257 = 0x0101. Baiti zake zinafanana, kwa hiyo baiti ya anwani ya kwanza ni 01 katika mipangilio yote miwili. Atumie namba yenye baiti tofauti, kama 1134.

3. 8080 = 0x1F90. Kumbukumbuni ni `90 1F`. Mtandao huzisoma baiti kubwa kwanza: 0x901F = 144 × 256 + 31 = 36895. Seva itasikiliza kwenye poti 36895, na wateja wa 8080 hawataipata.

4. 25934402 ÷ 2 = 12967201, na kipeuo chake cha pili ni 3601. Lina mistari 3601, nukta kila sekunde 1. Mahali pa kuanzia panabadilika: kila dakika ina nukta 60, hivyo mstari na safu ni 39 × 60 = 2340, na baiti ya kuanzia ni (2340 × 3601 + 2340) × 2 = 16857360.

5. A na B hazibadili kwenda mpangilio wa mtandao: zinatuma `6E 04`. Kati yao kosa halionekani kwa kuwa desturi yao ni moja. Marekebisho yafanyike kwenye A na B: `htons` kabla ya kutuma na `ntohs` baada ya kupokea. Mtahiniwa anayependekeza C igeuze peke yake amekosea, kwa sababu C ikiwasiliana na mashine inayofuata makubaliano itaharibu namba zilizo sahihi.